Milango Yote Imenenepa

"Milango yote imenenepa! Yote! Na wewe unaniambia nitulie?"

"Sijakwambia utulie, mzee Rula. Nimekwambia usiguse."

"Nisiguse nini? Mlango wa choo una upana wa ukumbi! Mgonjwa akiingia, sinki linatoka!"

"Ondoa mkono kwenye kipanya, tafadhali."

"Binti, mimi nilianza kuchora milango mama yako hajaota meno."

"Na mimi naishukuru mikono hiyo, ila iondoe."

Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la wageni, chini ya feni inayozunguka kama inadaiwa. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja kirefu, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la matairi. Harufu ya mpira hupanda ngazi kabla ya wateja. Meza zipo tatu: ya mzee Rula, ya mjukuu wangu, na ile kubwa ya mwenye ofisi, ambaye wao wanamwita Mkuu. Mimi namwita jina nililompa siku namtoa tumboni, maana ni mwanangu. Asubuhi ile hakuwepo, na mimi nilikuwa nimemfuata yeye. Jana yake jioni alikula kwangu, akaondoka na miwani yangu puani na kuniachia yake. Yake ninaivaa naona hata dhambi za majirani, lakini sindano siioni.

Sasa huyu mjukuu. Nyumbani tunamwita Bawaba. Jina hilo alilipata akiwa hajafika kiunoni kwangu. Wenzake wakichezea wanasesere, yeye alichezea bisibisi. Siku moja alifungua bawaba zote za mlango wangu wa jikoni, akazipanga sakafuni kwa ukubwa, akazitazama. Mlango ule ulikuwa mwembamba, hata moshi ulitoka kiubavu. Bawaba zilipoondolewa, mlango haukuanguka. Ulisimama pale pale kwa mazoea. Tukaufungua na kuufunga hivyo hivyo mpaka mbwa wa jirani alipopiga chafya, ndipo ukaenda chini. Anayebisha akamuulize mbwa. Mtoto alizirudisha bawaba zote mahali pake, kila moja na skrubu zake, hakukosea hata moja. Mama yake akataka kumchapa. Mimi nikamwambia: mwache, huyu anataka kujua kinachoshika kitu.

Alisoma uchoraji wa majengo, akamaliza, kazi hakuna. Akakaa kaunta ya duka la kuchapa ramani, kazi yake kuingiza karatasi za wenzake kwenye mashine na kuzikunja. Kila ramani iliyopita mikononi mwake aliisoma milango, na kila jioni alirudi kwangu akisema, "Bibi, leo nimekunja makosa mengine." Alikonda. Siku mjomba wake alipomwambia njoo ofisini nikujaribu, alilia kama mtu aliyefiwa. Na jaribio lenyewe ndilo hili: zahanati ya daktari mmoja mwanamke, na jedwali la milango na madirisha yake.

Nilikuwa nikidhani jedwali ni ile mistari tu: mlango namba fulani, chumba fulani, upana, kimo, mbao au chuma, kitasa cha aina gani. Mzee Rula alilitengeneza hivyo miaka yote. Anahesabu milango kwenye mchoro kwa kidole, anaandika pembeni. Mchoro ukibadilika, anahesabu upya. Akisahau, mafundi wanamletea mlango usio na ukuta au ukuta usio na mlango. Bawaba alikuja na njia nyingine. Alinieleza jikoni kwangu kwa vikombe. Alisema, ndani ya kompyuta hatuchori mistari ya nyumba, tunaijenga nyumba yenyewe, ndiyo modeli. Mlango mle ndani unajijua: unajua upana wake, unajua umekaa ukuta gani, unajua chumba unachofungukia. Jedwali ni kuchungulia tu. Ukiondoa dirisha ukutani, mstari wake unaondoka wenyewe. Ukiongeza dirisha, mstari unakuja. Ukibadilisha jina la chumba, jina linabadilika na kule. Nikamuuliza, "Kwa hiyo jedwali ni kioo?" Akasema, "Bibi, ni kioo, ila ukikipaka rangi ya mdomo, na mdomo wako unapakika." Nilicheka. Sikujua kwamba maneno hayo ndiyo yatakayotutoa jasho.

Mjomba wake alimwambia wazi: jedwali la zahanati likikaa sawa, unabaki. Likituaibisha kwa daktari, tunarudi kwenye mkono wa Rula, na wewe unarudi kaunta. Asubuhi ile daktari alikuwa anakuja kukubali milango yake.

"Nitakwambia kilichotokea," mzee Rula alisema. Alikuwa amevuta kiti karibu, rula yake ya chuma imetokeza mfukoni mwa shati kama siku zote. "Mashine yako imeota ndoto. Jana hapa palikuwa na tisini. Vyumba vya daktari, vyoo, ofisi ya muuguzi, kote sentimita tisini. Leo kote mia na kumi. Hakuna mtu mwenye akili anayeweza kukosea milango yote kwa mara moja. Binadamu hukosea mmoja mmoja, kwa adabu."

"Mashine haioti."

"Basi nipishe niandike tisini, tumalize. Naandika mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu..."

"Mzee Rula!" Bawaba alisimama. Sijawahi kumsikia akipandisha sauti kwa mtu mwenye mvi. "Ukiandika tisini mstari wa kwanza, yote itarudi tisini, hata ule wa stoo."

"Si ndiyo tunachotaka?"

"Wa stoo daktari aliuomba upanuliwe. Lile jokofu lake la chanjo halipiti kwenye tisini. Kwenye orodha aliyotutumia leo asubuhi..." Akakaa taratibu. Nilimwona macho yakimtoka, si kwa hofu, kwa ile hali yake ya kupanga bawaba sakafuni. "Wa stoo," alisema tena. "Mtu alitaka kupanua wa stoo peke yake."

"Nani?"

"Sijui. Lakini hakuupanua kwenye ukuta. Aliuandika hapa, kwenye kijisanduku cha jedwali. Milango hii yote ni aina moja, mzee Rula. Upana si mali ya mlango mmoja, ni mali ya aina. Ukiandika upana mpya kwenye mstari mmoja, umewaandikia ndugu wote."

"Na mashine inakubali tu? Haina hata haya?"

"Inauliza. Kinatokea kidirisha kidogo katikati, kinasema: mabadiliko haya yatahusu milango yote ya aina hii. Ndiyo au hapana. Mtu akibonyeza ndiyo, imekwisha."

Pale kwenye benchi niliinamisha kichwa. Nilijifanya natafuta kitu mkobani.

Maana mimi nilikiona kidirisha hicho. Jana jioni, mezani kwangu, kati ya bakuli la mchuzi na chupa ya chai. Mwanangu alikuwa na simu begani, shingo imepinda, anasema "Ndiyo, daktari, hiyo ni kazi ndogo, naifanya hapa hapa unaponisikia," huku akiandika kwa kidole kimoja. Kompyuta yake ikalia. Kikatokea kitu cheupe katikati ya kioo. Nikamuuliza, "Kinasemaje hicho?" Akasema, "Hawa hupenda kuuliza uliza, mama," akabonyeza. Mimi sisomi, kwa hiyo sikujua kimesema nini. Na yeye anayesoma alikuwa amevaa miwani yangu ya sindano.

"Basi ni wewe mwenyewe," mzee Rula akasema. "Hapa wanaogusa modeli ni wewe na mimi. Mimi jana sikugusa."

"Ngoja." Bawaba alibonyeza mahali. "Kila anayehifadhi kwenye modeli ya pamoja, inaweka alama yake. Hii hapa. Mimi, jana kabla ya kutoka. Kisha..."

Mzee Rula aliinama akasoma. Akavua kofia. Akaivaa tena.

"Hapana," alisema. "Mkuu hagusi modeli hata kwa fimbo."

"Amegusa."

"Itakuwa alifungua tu akafunga."

"Anayefungua na kufunga haachi alama ya kuhifadhi."

Chini fundi wa matairi akapiga nyundo kwenye rimu, ngo, ngo, kama anagonga mlango wa watu waliojificha. Kisha mzee Rula akashusha sauti. Alidhani sisikii. Watu hudhani asiyesoma pia hasikii.

"Sikiliza, mwanangu. Nakupa shauri la mtu mzima. Sema mashine imeharibika. Mkuu anabaki na heshima yake, daktari anasamehe mashine, mimi naandika jedwali kwa mkono, basi."

"Na mimi narudi kaunta."

"Utapata kwingine."

"Nimeshatafuta kwingine, mzee Rula. Kwingine ndiyo kaunta."

"Basi sema ni wewe uliyekosea. Mpwa akiomba radhi husamehewa."

"Nikisema ni mimi, anaamini kazi hii siiwezi. Nikisema ni mashine, anaamini kazi hii haiwezekani. Nikisema ni yeye, mbele ya mteja wake..." Alijifuta uso kwa kiganja. "Mjomba ndiye aliyenipa kiti hiki."

"Ndiyo maana nakwambia."

"Kwanza nirekebishe. Tutagombana milango ikiwa mizima."

Akageukia kazi, na mimi nikasogea nyuma yake, maana nilitaka kuona. Hakuandika chochote kwenye jedwali. Alikwenda kwenye aina yenyewe ya ule mlango, akainakili, akaipa nakala jina lake, mlango wa stoo, upana mia na kumi. Kisha akaingia kwenye mchoro, akaugusa mlango mmoja tu, ule wa stoo, akauhamishia kwenye aina hiyo mpya. Ndipo akairudisha aina ya zamani kwenye tisini. Naapa kwa kaburi la mume wangu, ambaye mwenyewe alikuwa mwongo, niliona milango ikikonda. Mmoja wa choo ulivuta tumbo ndani, sinki likapumua. Na upande wa pili wa kioo, kwenye jedwali, hakuna aliyeandika kitu, lakini mistari ikajibadilisha: tisini, tisini, tisini, kushuka chini, na mmoja ukajitenga na wenzake, stoo, mia na kumi.

"Haya," mzee Rula akasema polepole. "Na madirisha?"

"Madirisha hayakuguswa. Hayo ni jedwali lake lingine."

"Hebu..." Alitoa rula yake mfukoni, sijui alitaka kupima nini kwenye kioo, akairudisha. "Ingenichukua siku nzima hiyo. Na ningesahau mmoja."

"Ungesahau wa ofisi ya muuguzi. Huwa unausahau."

"Nyamaza wewe."

Kidogo walicheka. Nikadhani mambo yamekwisha, hata nikaanza kufikiria nani atanipa chai. Ndipo simu ya mezani ikalia, na mzee Rula akaichukua.

"Nani? Fundi Randa! Shikamoo za nini asubuhi hii, sema. Nini? Zima kwanza huo msumeno, sikusikii!" Akaondoa simu sikioni, akaweka spika. Fundi Randa ndiye mwenye karakana ya milango. Sauti yake ilikuja pamoja na vumbi la mbao.

"Nasema hivi, nimepata karatasi yenu jana jioni, Mkuu alinitumia kwa simu. Nimeanza kukata. Mbao za fremu za juu zote mia na kumi. Sasa kijana wa kazi zenu za ukuta ananiambia matundu yake kaacha ya tisini. Nimsikilize nani?"

Bawaba alishika ukingo wa meza.

"Baba Randa, simamisha. Karatasi hiyo si sahihi."

"Lakini si mlisema jedwali lenu linajirekebisha lenyewe? Mlinisomea mkutanoni. Mimi nilingojea lijirekebishe!"

"Jedwali la kwenye modeli ndilo linajirekebisha. Ukishalitoa likawa karatasi, ni picha tu. Picha ya mtu hainenepi akinenepa. Lazima utumiwe nyingine, yenye tarehe mpya na namba mpya ya toleo."

"Sasa hiyo ya kwangu ni picha ya lini?"

"Ya wakati milango ilikuwa inaumwa."

"Umekata ngapi?" mzee Rula akaingilia.

"Chache, na nilizikata ndefu. Zitapunguzwa. Lakini nyinyi mna bahati, maana nimesimamishwa sasa hivi na Mkuu mwenyewe. Alikuja hapa na yule daktari kumwonyesha mbao. Akachukua utepe, akapima, akawa kama kamwagiwa maji. Akamwambia daktari, samahani, hii mashine ya yule mtoto ofisini."

Hata feni nadhani ilisimama kusikiliza.

"Wametoka hapa," fundi Randa akaongeza. "Wanakuja huko." Simu ikakatika.

Mzee Rula aliweka kipokezi chini kama yai. "Mashine ya yule mtoto," alirudia. Sikupenda alivyolirudia, kisha nikaona hakulirudia kwa furaha. "Si haki hiyo. Mimi sikipendi hicho kioo chako, lakini si haki."

Bawaba alikuwa anachapa. Alichapa jedwali jipya, akaliwekea tarehe, akalipa namba ya toleo, akalituma kwa fundi Randa, akasoma kila mstari kwa kidole kama bado yupo kaunta. Mikono ilitulia. Midomo ndiyo haikutulia.

"Nitamwonyesha ile historia ya waliohifadhi," alisema. "Mbele ya daktari. Jina lake liko pale. Mtoto! Mimi mtoto!"

"Utamvua nguo mjomba wako sokoni," mzee Rula akasema.

"Yeye amenivua mimi karakanani!"

"Bawaba," nikaita.

"Bibi, naomba leo usinipe hadithi."

"Sina hadithi. Nina ushahidi."

Nikawaambia. Nikawaambia meza, mchuzi, simu begani, kidole kimoja, kile kitu cheupe katikati ya kioo, na mwanangu akisema hawa hupenda kuuliza uliza. Nikafungua mkoba, nikatoa miwani yake, nikaiweka mezani. "Mwenye macho haya alikuwa kwangu. Aliyeandika alivaa yangu. Kwa miwani yangu mtu huona tundu la sindano tu, dunia yote nyingine ni uji."

Mzee Rula aliitazama ile miwani, akaanza kutikisika mabega. Alikuwa anacheka bila sauti, machozi yanamtoka. Lakini Bawaba hakucheka. Aliichukua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akafikiri.

"Alikuwa hajui," alisema.

"Hajui mpaka sasa. Anadhani kweli ni mashine."

"Basi sitamwonyesha historia." Alifunga ule ukurasa wenye jina la mjomba wake. Akafungua nakala ya modeli, iliyotengwa na ile ya pamoja, akasema humo hata mtu akivunja ukuta haidhuru kitu. Nakala hiyo akairudisha kama ilivyokuwa jana, kabla ya yote, stoo ikiwa tisini kama wenzake. Akaweka kishale kwenye kijisanduku cha upana wa stoo. "Nitamwomba akae. Nitamwambia, Mkuu, nionyeshe ulivyofanya, nijifunze. Aandike mia na kumi. Kidirisha kitatokea. Akisoma, atajua mwenyewe, na mimi sitakuwa nimesema neno."

"Na asiposoma?" mzee Rula akauliza. "Akibonyeza tena ndiyo, aseme umeona, mashine yako mbovu? Daktari yuko pale. Umekwisha, binti."

"Ndiyo maana miwani inakaa hapa." Akaiweka kando ya kipanya, miguu imekunjuliwa, tayari kuvaliwa.

"Mkuu nimeanza kumfahamu leo?" mzee Rula akasema. "Ni mbishi. Akiona umemtegea, atakasirika zaidi ya ungemtukana. Bibi, mwambie mjukuu wako."

"Mimi nimemzaa mbishi huyo," nikasema, "na ninajua kitu kimoja. Akiwa amekosea, haongei. Akiwa hajui amekosea, huongea tangu kwenye ngazi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tega sikio."

Chini, mlango wa gari ulifungwa. Nyundo ya matairi ikanyamaza, yule fundi akaamkia watu wawili. Viatu vikaanza kupanda, vya mwanamke vyepesi, vya mwanangu vizito. Tukangoja sauti. Bawaba alikuwa ameshika ukingo wa kiti cha wageni alichokuwa amekivuta mbele ya kioo.

"Anaongea?" mzee Rula akanong'ona.

"Daktari ndiye anaongea," Bawaba akasema. "Yeye simsikii. Bibi, yeye simsi..."

Mlango ulifunguliwa. Mwanangu alisimama kizingitini, vumbi la mbao mabegani, miwani yangu puani, na ile karatasi ya jana mkononi, imekunjwa mara mbili. Alimtazama mzee Rula, akanitazama mimi, akaiona miwani yake kando ya kipanya. Mkono ukampanda puani wenyewe. Kisha akavuka chumba kizima bila neno, akamnyooshea karatasi ile mpwa wake, kama anayemrudishia mwenye kazi kazi yake.